Mboga kwenye gunia: namna ya kujenga nguzo ya mawe ili miche ya chini isikauke

Gunia likishapandwa hupendeza wiki mbili za kwanza. Wiki ya tatu mstari wa chini wa miche ya ubavuni unaanza kunyauka, na mwenye gunia anaongeza maji. Maji yanatuama juu, yanafurika ukingoni na kuchuruzika nje ya gunia hadi sakafuni, huku udongo wa chini ukibaki vumbi. Mwisho wake mtu anavuna mboga za juu tu, yaani kile ambacho angevuna kwenye beseni moja pana, bila kuhangaika na gunia.

Karibu kila gunia lililoshindwa ambalo nimeliona lilikufa kwa sababu hiyo hiyo moja: nguzo ya mawe ya katikati, ile inayoshusha maji hadi udongo wa chini, haikujengwa, au ilijengwa vibaya. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye nguzo hiyo na kupita haraka mambo mengine.

Kwa kifupi: gunia 1 la ukubwa wa kilo 90 au 100, miche 18 ya sukuma wiki na spinachi ubavuni, mchicha na vitunguu vya majani juu. Kitalu kwanza, kisha kujenga gunia, kulipumzisha wiki 1, kutoboa, kupandikiza, kumwagilia, kuvuna. Tangu mbegu iingie kitaluni hadi jani la kwanza la sukuma lifike sufuriani ni wiki 8 hadi 10.

## Vifaa

- Gunia 1 la plastiki iliyofumwa, lile ambalo wengi huliita kiroba au salfeti.
- Udongo wa juu, ndoo 3 za lita 20.
- Samadi iliyooza au mboji, ndoo 2.
- Mchanga mkavu usio na chumvi, ndoo 1.
- Kokoto au vipande vya matofali vya ukubwa wa yai, nusu ndoo.
- Kopo 1 lililokatwa kitako na mfuniko, pana kama sentimita 11 na refu kama sentimita 20. Kipande cha bomba la plastiki la upana huo kinafaa pia.
- Matofali 4 au mawe bapa ya kuwekea gunia.
- Kisu chenye ncha, kijiti chenye unene wa kidole gumba, tepu ya kupimia na ndoo ya kumwagilia.

Nieleze machache kuhusu gunia lenyewe. Lililobeba nafaka, sukari au unga linafaa. Lililobeba mbolea ya viwandani, dawa za kilimo, saruji au mbegu zilizopakwa dawa liache, hata kama limefuliwa mara tatu. Gunia la katani linapitisha hewa vizuri sana, lakini likiwa na unyevu muda wote huoza na kupasuka kabla sukuma hazijafika katikati ya maisha yake.

Kuna magunia ya plastiki yenye utando laini ndani. Yanaonekana kama mengine, ila hayapitishi maji. Kupima ni rahisi: bana kitambaa cha gunia mdomoni na upulize. Pumzi ikipita, gunia ni zuri. Isipopita, ng'oa utando kama unang'oka. Kama hautoki, toboa kitako matundu 10 hivi ya unene wa penseli, la sivyo utakuwa umejenga pipa la tope.

## Mboga za kupanda na za kuacha

Tundu la ubavuni ni finyu, na mzizi unaingia kwa mshazari. Mmea unaofaa hapo ni ule wa majani unaochumwa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Sukuma wiki inaongoza, spinachi inafuata. Mnavu nao unakubali, mradi uwe unakatwa ncha ili utawanyike.

Juu ya gunia ni mahali pa vitu vifupi au vya haraka: mchicha, dhania, vitunguu vya majani. Hivi havitaki kung'olewa na kupandikizwa ubavuni. Mchicha unapandwa kwa mbegu palepale, na wiki ya 3 au ya 4 unavunwa, unapanda tena.

Karoti na viazi viache, kwani vinataka kina na nafasi ya kuvimba. Kabichi nayo huwatamanisha wengi, lakini kichwa kimoja kinashika tundu kwa takriban miezi mitatu, kinavunwa mara moja, kisha tundu ni tupu. Nyanya inaweza kukaa juu, lakini mmea mmoja tu hufunika sehemu yote na kunywa maji ya wenzake. Mimi siipandi kwenye gunia la mboga za majani.

## Hatua ya 1: Anza na kitalu kabla hujagusa gunia

Watu hujenga gunia kwanza, ndipo wanakumbuka miche. Gunia linakaa mwezi mzima tupu, udongo unakauka na kushikamana. Geuza mpangilio: sia mbegu leo, jenga gunia wiki ya 3, pandikiza wiki ya 4 au ya 5.

Kitalu ni beseni kuukuu lililotobolewa chini, lenye udongo laini wa kina cha sentimita 10. Chora mistari, weka mbegu umbali wa upana wa kidole, funika kwa udongo mwembamba usiozidi sentimita 1. Kwa gunia moja sia mbegu 30 hivi: utahitaji miche 18, na mingine ni akiba ya ile itakayokufa.

Mche uko tayari ukiwa na majani halisi 4 au 5, urefu wa sentimita 10 hadi 15, na shina nene kama kijiti cha kiberiti. Shina refu jembamba lililopinda kuelekea mwanga ni dalili kwamba kitalu kilikaa kivulini. Miche hiyo ikitiwa ubavuni huning'inia kama uzi. Ni afadhali usie upya.

## Hatua ya 2: Chagua mahali, kwa sababu hutalihamisha

Hesabu ya gunia langu ni hii. Likiwa bapa lina upana wa sentimita 65, kwa hiyo likijaa mzingo wake ni sentimita 130 na kipenyo kama 41. Nikijaza udongo hadi kimo cha sentimita 80, ndani kunaingia takriban lita 100 za udongo ulioshikana. Ukilowa, mzigo huo unafika kilo 130 hadi 150, tena umekalia eneo dogo kuliko kiti cha plastiki.

Tahadhari: usijenge gunia la ukubwa huu kwenye roshani au juu ya paa bila kumuuliza mtu anayejua jengo lile lilivyojengwa. Huko juu tumia viroba vidogo vya kilo 25, kila kimoja mahali pake, kimejazwa hadi nusu mita. Namna ya kujenga ni ileile, ila kopo liwe jembamba na miche iwe 6 tu.

Jua la moja kwa moja lisipungue saa 5 au 6 kwa siku. Acha nusu mita kati ya gunia na ukuta. Kama nafasi haitoshi na gunia lazima liegemee ukutani, usitoboe upande wa ukuta kabisa. Nimeona miche mingi ikipotezwa huko nyuma; haipati jua na hakuna mkono unaoifikia.

Weka matofali 4 yakiwa yamelala sawasawa, yenye mianya kati yake. Mianya hiyo inaruhusu maji ya ziada yatoke, na gunia haliozi kitako. Yatikise kwa mguu: tofali likicheza sasa, gunia litaegemea baadaye, na gunia lililoegemea hulisha upande mmoja tu.

## Hatua ya 3: Changanya udongo

Mwaga ndoo 3 za udongo, 2 za samadi na 1 ya mchanga juu ya turubai. Changanya ukiwa mkavu, kwa koleo, mara tatu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hizo ndoo 6 ni lita 120 zikiwa zimelegea. Ndani ya gunia zitashikana na kuwa kama zile lita 100 nilizozitaja.

Mchanga upo ili maji yatembee kwenda pembeni. Udongo wa mfinyanzi mtupu, ukishindiliwa na uzito wake wenyewe, unakuwa kama tofali, na hata nguzo nzuri ya mawe haiwezi kuupenya. Chukua konzi ya mchanganyiko uliolowa kidogo, ufinye, kisha uguse kwa kidole. Ukivunjika vipande viwili au vitatu, ni sawa. Ukibaki donge, ongeza nusu ndoo ya mchanga. Ukitawanyika wenyewe kabla hujaugusa, ongeza samadi.

Samadi mbichi inaunguza mizizi na kuleta uchafu kwenye mboga. Zika mkono ndani ya rundo: kama ni vuguvugu au bado inanuka mkojo, haijawa tayari. Iliyooza ni nyeusi, haina joto, na harufu yake ni ya udongo baada ya mvua.

## Hatua ya 4: Jenga nguzo ya mawe

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo usiifanye jioni ukiwa na haraka. Saa moja inatosha, mkiwa wawili.

Kwanza kunja gunia kwa nje, kama unavyokunja mkono wa shati, hadi libaki na kimo cha sentimita 30. Litakaa wima lenyewe, na utaona chini unachokifanya. Kadiri unavyojaza ndivyo unavyokunjua.

Mwaga udongo wa kina cha sentimita 10 kitakoni na uusawazishe. Usianzie nguzo kwenye kitako cha gunia. Kosa hili linafanywa hata na watu wazoefu. Mawe yakigusa kitako, maji unayomimina juu yanashuka moja kwa moja na kutokea chini ya matofali ndani ya nusu dakika, na wewe unafurahi kwamba gunia "limeshiba" kumbe maji yamepita tu. Ule udongo wa sentimita 10 ndio unaoyazuia kidogo, ili yajae ndani ya nguzo na kusukumwa pembeni.

Sasa simamisha kopo katikati. Pima kwa mkono: nafasi kutoka kopo hadi ukingo wa gunia iwe sawa pande zote, kama sentimita 15. Jaza kopo kokoto hadi juu. Kisha mwaga udongo kulizunguka kopo, kidogo kila upande, mpaka ukaribie ukingo wa kopo. Ushindilie kwa viganja tu. Usiukanyage na usitumie mpini; udongo ushikane, usigandamane.

Shika kopo kwa mikono miwili, lizungushe kushoto na kulia kama unayefungua chupa kubwa, huku ukilivuta juu taratibu. Mawe yatabaki chini na kopo litapanda. Usilitoe lote. Acha sentimita 5 za kopo zikiwa bado ndani ya udongo, kwa sababu ukilitoa kabisa udongo unabomokea juu ya mawe na kuziba nguzo papo hapo, na kwa macho hutaona kitu. Jaza kopo mawe tena, mwaga udongo tena, vuta tena.

Ukiwa na kopo la sentimita 20, kila mzunguko unapanda sentimita 15. Kufika kimo cha 80 ni mizunguko 5 hivi. Kila mzunguko, kabla ya kumwaga udongo, tazama kutoka juu kama kopo bado liko katikati. Nguzo inapenda kukimbilia upande ambao mjazaji amesimama, maana mtu humwaga udongo mwingi upande wa mbali bila kujua. Zunguka gunia unapojaza.

Malizia udongo ukibakiza sentimita 10 za ukingo wa gunia juu. Ukizikunja kwa nje zinakuwa beseni la kuzuia maji yasifurike. Mawe ya juu yachomoze sentimita 3 kupita udongo. Yakiwa sawa na udongo, kila umwagiliaji utasomba matope na kuyaingiza nguzoni.

Kokoto zenyewe: ukubwa wa yai, zilizooshwa. Ndogo kama punje za mahindi hushikana na udongo na kuwa ukuta. Kubwa kama ngumi huacha mianya ambayo udongo unamiminikia. Na tafadhali usijazie mchanga kwenye nguzo ukidhani unasaidia kuchuja. Mchanga upo kwenye mchanganyiko tayari, kazi yake ni huko.

## Hatua ya 5: Lipime kwa maji, kisha lipumzishe wiki 1

Mimina lita 20 siku ya kwanza, lita moja moja, zote kwenye mawe. Sikiliza. Nguzo iliyo wazi inatoa sauti ya maji yanayoshuka ndani, kama mtungi unaojazwa. Kama maji yanasimama juu ya mawe zaidi ya dakika moja, kuna mahali udongo umebomoka.

Baada ya nusu saa, pitisha kiganja ubavuni kuanzia chini kwenda juu. Gunia lililofumwa linaonyesha unyevu kwa nje: sehemu iliyolowa ni ya baridi na imekoza rangi. Unataka kuona ubaridi huo kwenye vimo vyote vitatu utakavyotoboa na pande zote. Ukikuta upande mmoja ni mkavu, nguzo imeegemea upande mwingine, na sasa ndiyo nafasi ya mwisho ya kulirekebisha bila hasara. Fumua, jenga tena. Najua inauma.

Mimi mwenyewe sikufanya kipimo hiki kwa gunia langu la kwanza. Nilitia miche 40, nikaona naongeza mavuno. Mwezi wa pili majani ya chini yalikuwa na upana wa kidole, yamekunjamana, ilhali juu kumefurika. Jirani yangu mmoja, fundi wa ujenzi, alikuja akalipiga kofi ubavuni mara mbili, chini na juu, akasema, "Kaka, hili limekufa kiu tumboni." Tulilipasua kwa kisu. Nguzo ilikuwa imekatika kwenye kimo cha magoti: mawe chini, mawe juu, na katikati tabaka la udongo mkavu la upana wa kiganja. Mzunguko mmoja tu nilikuwa nimechomoa kopo lote. Tabaka lile la udongo lilinigharimu miezi miwili.

Wiki 1 ya kupumzisha ina kazi mbili: udongo unashuka, mara nyingi kwa sentimita 5 hadi 8, na samadi inapoa kabisa. Ukipanda siku hiyo hiyo, udongo unaposhuka unavuta mizizi kwenda chini huku shina likiwa limeshikwa na tundu la gunia, na mche unanyongwa. Wiki ikiisha, jazia udongo juu, na mawe pia kama yamezama.

## Hatua ya 6: Toboa na upandikize

Matundu 18 yanatosha gunia hili. Mstari wa kwanza uwe sentimita 20 kutoka chini, wa pili 40, wa tatu 60. Kila mstari una matundu 6, yakiachana kati ya sentimita 21 na 22. Mstari wa pili uanzie katikati ya matundu mawili ya chini yake, ili jani la juu lisimfunike jirani. Weka alama kwa mkaa kwanza. Ukitoboa kwa kukisia, ukifika nyuma ya gunia hesabu haitakubali.

Chana mlalo, urefu wa sentimita 3. Udongo unasukuma gunia kwenda nje na kulivuta kwa mzunguko, kwa hiyo mchano wa wima unaachama na kutema udongo, wakati wa mlalo unabaki umefumba. Usichane alama ya msalaba. Ncha zake nne hufumuka nyuzi na tundu linakuwa mdomo.

Kazi hii ifanywe jioni. Mwagilia kitalu saa moja kabla, ng'oa miche na udongo wake. Ingiza kijiti tunduni kwa mshazari kwenda chini, kina cha sentimita 8, ukizungushe kupanua njia. Teremsha mzizi ukiwa umenyooka. Mzizi uliojikunja na kuangalia juu ndiyo sababu ya mche kudumaa kwa wiki tatu bila kufa wala kukua. Mahali shina linapokutana na mzizi pawe usawa wa gunia, pasizame ndani wala kuning'inia nje. Ziba kwa kidonge cha tope.

Umefaulu ikiwa siku ya tatu asubuhi majani yamesimama. Kulegea mchana kwenye jua siku za mwanzo si tatizo. Mche uliolegea hata asubuhi, uchunguze tundu lake. Mara nyingi kuna uwazi wa hewa nyuma ya mzizi. Bonyeza udongo kwa kidole, ongeza tope.

Juu ya gunia, panda vitunguu vya majani kuzunguka ukingo kwa nafasi ya vidole vinne, na umwage mbegu za mchicha kati yake na mawe. Usipande chochote juu ya mawe.

## Hatua ya 7: Maji kila siku

Gunia la ukubwa huu linataka kama lita 5 asubuhi. Siku za joto kali ongeza lita 3 hadi 5 jioni. Nusu ya maji mimina kwenye mawe, polepole, na nusu nyingine juu ya udongo kwa mboga za juu. Mimina lita moja, subiri ishuke, ndipo uongeze nyingine. Ukimwaga ndoo nzima kwa mkupuo, maji yanashinda nguvu ule udongo wa kitakoni na kutoroka.

Kiasi hicho ni cha kuanzia tu. Anayeamua ni kidole: kiingize kwenye tundu lolote la mstari wa chini hadi kiungo cha pili. Udongo ukishikamana na ngozi, leo maji yametosha. Ukitoka mkavu, ongeza. Kidole kikitoka na tope linalong'aa na harufu ya mfereji, pumzisha siku moja.

Maji ya kuoshea mboga au mchele yanafaa. Ya sabuni, ya dawa ya kusafishia na ya chumvi hayafai.

Maji yakianza kutuama juu ya mawe baada ya miezi kadhaa, toa mawe ya juu kwa mkono kwa kina cha kiganja, yaoshe, yarudishe. Matope mengi hukaa hapo juu tu. Isiposaidia, shindilia fimbo iliyonyooka ndani ya nguzo na uitikise bila kuizungusha. Dawa ya mwisho ni bomba jembamba la plastiki lililotobolewa matundu ubavuni, lisukumwe karibu na nguzo na likatwe usawa wa udongo. Si zuri kama nguzo nzima, lakini litalifikisha gunia mwisho wa mavuno.

## Hatua ya 8: Chakula na wadudu

Samadi ya ndani inatosha wiki 4 za mwanzo. Baada ya hapo majani ya chini yakigeuka manjano huku ya juu yakiwa na kijani kilichofifia, gunia lina njaa. Loweka robo ndoo ya samadi kwenye ndoo ya lita 20 kwa wiki 1 au 2, ukikoroga kila siku. Chota sehemu 1, changanya na maji sehemu 2 hadi ifanane na chai nyepesi, kisha mimina lita 2 kwenye mawe kila baada ya wiki 2. Isiguse majani, na hata hivyo mboga ioshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Wadudu wanaosumbua sana sukuma ni vidukari. Geuza jani: ukiona kundi la vijivu au vya kijani vimejazana karibu na mshipa wa kati, vioshe kwa maji ya nguvu au vipangusie kwa kidole. Vikirudi, changanya kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwenye lita 1, nyunyiza chini ya majani jioni, suuza asubuhi. Viwavi waokote kwa mkono. Kwa gunia moja, dakika tano kwa wiki zinatosha, na sioni sababu ya kununua dawa.

## Hatua ya 9: Kuvuna bila kuua mmea

Sukuma huanza kuchumwa wiki 4 hadi 5 baada ya kupandikizwa. Chuma jani la chini kabisa, kwa kulivuta chini na pembeni litoke na kikonyo chake chote. Kikonyo kilichobaki huoza na kuingiza ugonjwa. Acha majani 4 au 5 ya juu kila mara. Anayechuma majani ya kileleni kwa kuwa ni laini anakata maisha ya mmea.

Chuma kwa zamu: leo mstari wa chini, baada ya siku mbili wa kati, kisha wa juu. Ukivua gunia zima kwa mara moja utasubiri wiki mbili tena. Likitunzwa hivi, sukuma hutoa majani miezi 6 na zaidi.

Spinachi ikirusha shina la maua, ing'oe. Tundu lake litanue kidogo kwa kijiti, weka konzi ya samadi iliyooza, kisha upande mche mpya. Usirudishe mche kwenye tundu hilo siku hiyo hiyo kama ule wa kwanza ulikufa kwa kuoza; acha wiki moja likauke.

## Gunia likichakaa

Jua hula plastiki. Sugua gunia kwa kidole gumba upande unaopigwa na jua la mchana: likitoa unga mweupe au nyuzi zikikatika, limebakiza wiki chache. Usilitie kiraka. Lizungushie gunia jingine kwa nje lililopasuliwa ubavu, ulishone kwa kamba, utoboe upya palipo na mimea, umalize msimu.

Siku ya kulivunja, lipasue kwa wima ulitazame kabla ya kumwaga. Nguzo iliyofanya kazi imezungukwa na mizizi myeupe iliyoyakumbatia mawe tangu juu hadi chini, na udongo wake una rangi moja. Palipokatika, utakuta tabaka lenye rangi ya majivu lisilo na mzizi hata mmoja. Pima tabaka hilo liko kimo gani, uone ni mzunguko upi wa kopo uliokosea. Udongo huo unarudi gunia jipya ukiongezwa ndoo 2 za samadi, na mawe yakishaoshwa hutumika tena miaka yote.